Mishale na Aya: Kujaza Chati Mtiririko, Jedwali na Mchoro katika Mtihani wa Kusoma



Wengi wenu mnajiandaa kwa mtihani wa IELTS. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza hudaiwa alama 7 katika kusoma, na katika mtihani wa kitaaluma alama hiyo hupatikana kwa kujibu sawasawa maswali kama 30 kati ya 40. Vifungu ni vitatu na muda ni dakika 60. Hakuna dakika za nyongeza za kuhamishia majibu, kama zilivyozoeleka katika kusikiliza kwa karatasi. Katika maswali hayo 40, yapo yanayokuja kwa umbo la picha: chati yenye visanduku na mishale, jedwali lenye safu, au mchoro wa kifaa chenye mistari inayoelekeza kwenye sehemu zake. Mtahiniwa hujaza mapengo kwa maneno anayoyatoa kwenye kifungu. Leo nitazungumzia aina hizo tatu tu, na ndani yake nitashikilia jambo moja, nalo ni mpangilio.

Karibu kila anayefundisha mtihani huu huwaambia wanafunzi wake, "Fuata mpangilio wa kifungu, majibu yanakuja kwa zamu." Kwa maswali ya kukamilisha sentensi, ya majibu mafupi, na yale ya kweli, si kweli au haikutajwa, kauli hiyo ni sahihi, na watunga mtihani wenyewe wanaithibitisha. Kwa chati, jedwali na mchoro, maelezo yao ni tofauti: majibu si lazima yafuate mpangilio wa kifungu, ila kwa kawaida hutoka katika sehemu moja ya kifungu na si kifungu kizima. Maelezo hayo yana nusu mbili. Wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia nusu ya kwanza. Waliowahi kuisikia nao hukata tamaa na kuanza kuvinjari kifungu chote ovyo, kwa sababu hawakupewa nusu ya pili.

Chanzo cha tatizo ni hiki. Chati mtiririko hupangwa kwa wakati: kilichotangulia kutendeka hukaa juu, kilichofuata hukaa chini. Mwandishi wa kifungu hafungwi na wakati. Anaweza kuanza na mashine kwa sababu ndiyo ya kuvutia, kisha akarudi nyuma kueleza malighafi ilifikaje pale. Jedwali hupangwa kwa aina, na mchoro hupangwa kwa mahali. Kwa hiyo mtahiniwa ana mipangilio miwili mbele yake, wa picha na wa maandishi, na kazi yake ni kujua inapokwenda pamoja na inapoachana. Kwa kadiri nilivyoona katika mazoezi mengi, mipangilio hiyo huenda pamoja aya kwa aya na huachana ndani ya aya. Tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza leo.

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini nimeamua kuandika kifungu cha mfano kwa Kiswahili. Nataka tuuone ugumu wa kutafuta ukiwa peke yake, bila kuchanganyika na ugumu wa msamiati. Na kwa kuwa tuko Tanga, kifungu ni cha mkonge. Kisomeni mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida.

A. Mkonge uliletwa katika pwani hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja kuenea mashamba makubwa ya ukanda wa Tanga.

B. Mtambo mkuu wa kiwanda cha mkonge ni korona, mashine inayoponda majani na kuyakwangua kwa ngoma yenye visu butu inayozunguka kwa kasi, huku maji yakiosha nyama ya jani. Jani halitakiwi kuchelewa kufika hapo: likikaa zaidi ya siku mbili tangu kukatwa, huanza kukauka na nyuzi zake hazitoki safi. Ndiyo maana mafungu hukimbizwa kiwandani kwa trekta au kwa mabehewa madogo ya reli, baada ya mkataji kuondoa mwiba ulio kwenye ncha ya kila jani akiwa bado shambani.

C. Nyuzi zitokazo kwenye korona ni mbichi na nzito kwa maji. Hutandazwa kwenye nyaya uwanjani, ambako jua huzikausha na kuzifanya ziwe nyeupe zaidi. Kabla ya kushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250, nyuzi hupangwa katika madaraja kulingana na urefu na rangi. Na upangaji huo haufanyiki mpaka nyuzi ziwe zimepigwa brashi ili kutoa vumbi na mabaki ya maganda.

D. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo 4 hivi. Maji na makapi yaliyobaki yalimwagwa mitoni kwa miaka mingi. Siku hizi nyuzi fupi hunaswa kutoka kwenye makapi hayo, na nyingine hukusanywa zinapodondoka kwenye brashi. Makapi yenyewe, kama ilivyoonyeshwa na mtambo uliojengwa Hale, huweza kuchachushwa yakatoa gesi. Nyuzi fupi hutumika kujazia magodoro na kuimarisha plasta. Gesi huendesha jenereta ya umeme, na tope linalobaki baada ya uchachushaji linaweza kurudishwa shambani kuwa mbolea.

Sasa hii hapa chati yake. Maagizo yanasema: jaza kwa maneno yasiyozidi mawili, au namba, kutoka kwenye kifungu.

Majani hukatwa, na (1) ........ huondolewa.
↓
Mafungu hufikishwa kiwandani kabla ya (2) ........ kupita.
↓
Majani hukwanguliwa na ngoma iliyofungwa (3) ........
↓
Nyuzi hukaushwa na kung'arishwa na (4) ........
↓
Uchafu uliosalia huondolewa kwa (5) ........
↓
Nyuzi hutenganishwa kwa urefu na (6) ........
↓
Nyuzi hushindiliwa kuwa (7) ........

Anayefuata kauli ya "majibu yanakuja kwa zamu" atafanya hivi. Ataanza aya A akitafuta kitu kinachoondolewa wakati wa kukata majani. Hatakiona. Ataingia aya B, ambako sentensi ya kwanza inazungumzia korona, nayo ni habari ya kisanduku cha tatu. Sasa ana njia mbili, na zote mbaya. Akiendelea mbele kutafuta namba 1, ataikuta mwisho wa aya B, halafu kwa kuwa ameshapita ataitafuta namba 2 katika aya C, mahali ambapo haipo. Au ataamini kwamba mwanzo wa aya B ndio mwanzo wa chati, na atajaza "nyama ya jani" katika namba 1, kwa sababu nayo ni kitu kinachoondolewa. Jibu hilo lina maneno matatu, hivyo limekwisha kosea hata kabla hatujauliza maana. Hata hivyo mtahiniwa mwenye haraka huliandika, wakati mwingine akilikata likabaki "nyama" ili litoshe.

Tufanye kwa njia nyingine. Kabla ya kugusa kifungu, tuisome chati yote kutoka juu hadi chini, tukiyaruka mapengo. Chati hii inatuambia mengi hata ikiwa na mapengo saba: kukata, kufikisha kiwandani, ngoma inayokwangua, kukausha, kutoa uchafu, kutenganisha, kushindilia. Kazi hii haizidi nusu dakika, nayo inatuonyesha hadithi nzima ya mkonge kutoka shambani hadi kwenye robota. Ndipo tunachagua nguzo mbili. Nguzo ni neno ambalo limo ndani ya chati, si rahisi kubadilishwa kwa neno jingine, na huonekana kwa jicho bila kusoma sentensi. Hapa nachagua "ngoma" kwa sehemu ya juu na "kushindiliwa" kwa sehemu ya chini. Neno "majani" halifai, kwa kuwa limetapakaa kila mahali. "Huondolewa" pia halifai, kwa sababu mtunga swali hupenda sana kubadilisha vitenzi.

Jicho likipita haraka, "ngoma" inapatikana aya B na "kushindiliwa" aya C. Tayari tumejua jambo kubwa: chati yote imo katika aya mbili. Aya A ni historia na aya D ni mabaki. Hazina kazi na chati hii na hatuna haja ya kuzisoma sasa. Hii ndiyo ile nusu ya pili ya maelezo ya watunga mtihani, kwamba majibu hukaa katika sehemu moja. Mtu aliyebaini mipaka ya sehemu hiyo hababaishwi tena na mpangilio uliovurugika, kwa sababu anatafuta katika sentensi saba badala ya ukurasa mzima.

Sasa tusome aya B polepole, neno kwa neno, huku visanduku vya kwanza vitatu vikiwa kichwani vyote kwa pamoja. Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wanaofundisha kushika swali moja moja. Katika chati, shika maswali mawili au matatu ya jirani kwa mpigo, kwa sababu hujui ni lipi litajibiwa kwanza. Sentensi ya kwanza ya aya B inajibu namba 3: visu butu. Ya pili inajibu namba 2: siku mbili. Ya tatu inajibu namba 1: mwiba. Mpangilio umegeuka kabisa, tatu, mbili, moja, na bado hatujatoka nje ya aya.

Aya C inatupa namba 4 bila taabu: jua. Kisha zinakuja sentensi mbili, ya kwanza yenye "kabla ya" mwanzoni na ya pili yenye "mpaka" katikati, na humo ndani majibu matatu yamekaa kinyume: marobota, ambayo ni namba 7; rangi, namba 6; brashi, namba 5. Aliyetafuta namba 5 kwanza atakutana na "marobota" na kudhani ameshaivuka namba 5, kwa hiyo atarudi nyuma kuisaka kwenye nyaya na uwanja. Nimeona wanafunzi wazuri wakiandika "nyaya" katika pengo kama hilo, si kwa kutojua maana, bali kwa kuamini kwamba jibu lililotangulia katika chati lazima litangulie pia katika sentensi.

Kwa hiyo kuna maneno machache ambayo, ukiyaona karibu na nguzo yako, usiendelee kusoma kwa mwendo uleule. Kwa Kiswahili ni kabla ya, baada ya, mpaka, tangu, na vitenzi vyenye umbo la "ziwe zimepigwa" au "alikuwa ameshaondoa". Kiingereza kina maneno yake ya kazi hiyohiyo, na kina pia wakati uliopita timilifu, ambao katika maelezo ya mchakato karibu kila mara humaanisha kwamba mwandishi amerudi hatua moja nyuma. Baya kuliko yote ni jozi ya "kufuatwa na" na "kufuata". Ukaushaji hufuatwa na upigaji brashi: kilichotajwa kwanza ndicho kilichotangulia. Upigaji brashi hufuata ukaushaji: kilichotajwa kwanza ndicho kilichokuja baadaye. Kwa Kiingereza tofauti hiyo hubebwa na vineno viwili vidogo ambavyo jicho la haraka halivioni. Mwanafunzi akikutana na kitenzi hicho, na aandike pembeni ya kifungu 1 na 2 juu ya hatua hizo mbili, kwa penseli, kabla ya kuendelea. Anayefanya mtihani kwa kompyuta na aandike kwenye karatasi ya kuchorea anayopewa.

Niseme sasa juu ya namna ya kuandika jibu, kwa sababu wengi huliona jibu sahihi na bado hulipoteza. Angalieni namba 7. Kifungu kinasema "marobota ya kilo 250". Aliyefurahi kupata jibu huandika yote hayo, na kwa kuzidisha maneno anapata sifuri, ingawa ameelewa vizuri kuliko jirani yake aliyeandika "marobota" tu. Namba 2 ina mtego mwingine: kifungu kinasema "zaidi ya siku mbili", lakini kisanduku kinasema "kabla ya ... kupita". Ukirudisha jibu ndani ya sentensi ya kisanduku na kulisoma kwa sauti ya moyoni, "kabla ya zaidi ya siku mbili kupita" haisomeki. Kwa hiyo kata: siku mbili. Ukaguzi huo wa kusoma kisanduku kizima pamoja na jibu lake ndio unaofichua makosa mengi zaidi, na hauhitaji kurudi kwenye kifungu.

Katika Kiingereza ukaguzi huo hugusa hasa umoja na wingi. Kiswahili hutusaidia kwa upatanisho wa ngeli; Kiingereza huacha mzigo wote kwenye herufi moja ya mwisho wa nomino, na jibu lililokosa herufi hiyo pale kisanduku kinapodai wingi huhesabiwa kosa. Tahajia nayo huhesabiwa, ndiyo maana neno hunakiliwa kutoka kwenye kifungu herufi kwa herufi, lisiandikwe kwa kumbukumbu. Neno lenye kistari katikati huhesabiwa kuwa neno moja. Kuandika kwa herufi kubwa zote hakukatazwi. Na hakuna alama inayopunguzwa kwa jibu lililokosewa, kwa hiyo pengo lisiachwe tupu hata siku moja.

Tuje kwenye jedwali. Hapa mpangilio huvurugika kwa namna ya peke yake, na nitatumia aya D kuionyesha.

| Bidhaa | Inapotoka | Matumizi |
|---|---|---|
| Nyuzi fupi | makapi, brashi | kujazia magodoro, kuimarisha (8)........ |
| Gesi | (9) ........ yaliyochachushwa | kuendesha (10) ........ |
| Tope | uchachushaji | (11) ........ |

Maswali katika jedwali hupewa namba kwa mlalo: mstari wa kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha wa pili. Mwandishi wa aya D hakuandika kwa mlalo. Alieleza kwanza vyanzo vya nyuzi fupi na gesi, kisha akarudi mwanzo na kueleza matumizi yote. Kwa maneno mengine, ameandika kwa wima. Matokeo yake, namba 9 inatokea katika kifungu kabla ya namba 8. Aliyemaliza namba 8 kwenye plasta na kuendelea mbele kutafuta namba 9 atakutana na jenereta, na huenda akaliandika neno hilo katika pengo la 9, kwa kuwa liko karibu na neno "gesi".

Dawa yake ni kusoma vichwa vya safu kabla ya chochote. Kichwa cha safu kinakuambia pengo linataka kitu cha aina gani: chini ya "Inapotoka" hapawezi kukaa jenereta. Kisha jiulize swali moja tu juu ya aya: je, mwandishi anamaliza bidhaa moja kabla ya kwenda nyingine, au anamaliza jambo moja kwa bidhaa zote? Sentensi mbili zinatosha kujibu. Katika aya D, sentensi inayotaja nyuzi fupi inafuatwa na nyingine inayotaja makapi na gesi kabla matumizi ya nyuzi fupi hayajasemwa. Hapo umejua kwamba anaandika kwa wima, na utajaza kwa wima: 9 kwanza, kisha 8, 10 na 11. Majibu ni makapi, plasta, jenereta na mbolea. Namba za maswali zipo kwa ajili ya karatasi ya majibu. Hazikulazimishi kujibu kwa zamu hiyo.

Nafasi ambazo tayari zimejazwa katika jedwali zina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Safu ya katikati, mstari wa kwanza, imeandikwa "makapi, brashi". Hiyo ni nguzo iliyotolewa bure: inakuonyesha sentensi gani mtunga swali alikuwa akiitazama, na pia inakuonyesha kiasi alichofupisha. Sentensi ya maneno kumi na kitu imekuwa maneno mawili. Ukiona ufupisho wa namna hiyo katika nafasi zilizojazwa, tegemea ufupisho uleule katika mapengo.

Mchoro una tatizo lake. Hauna juu na chini ya wakati, wala safu. Una mistari tu inayogusa sehemu za kifaa, na namba mara nyingi huzunguka mchoro kwa namna isiyohusiana na kifungu. Tuseme kifungu chetu kingekuwa na aya moja zaidi inayoeleza korona kwa undani:

Majani huingia yakiwa yamelala kwa ubavu, yamebanwa karibu na katikati na kamba nene zinazozunguka bila kukoma. Ngoma ya kwanza hukwangua nusu moja ya jani. Kisha jani hubanwa upya, safari hii kwenye nyuzi zilizokwisha safishwa, na ngoma ya pili hukwangua nusu iliyobaki. Chini ya ngoma hupita mfereji ambao maji yake hubeba makapi kwenda nje.

Mchoro wa mashine hiyo unaweza kuanza namba zake chini, kwenye mfereji, na kumalizia juu kwenye kamba. Mtu akianza na namba 1 ya mchoro ataanza na sentensi ya mwisho ya aya. Ninachopendekeza ni kugeuza utaratibu. Katika chati na jedwali tulianza na picha tukaenda kwenye maandishi. Katika mchoro, ukishaipata aya inayohusika, anza na maandishi: soma sentensi moja, weka kidole kwenye sehemu ya mchoro inayoelezwa, na ukikuta hapo pana pengo, lijaze. Kidole kitembee kama sentensi zinavyotembea. Mwandishi anapoeleza kifaa hufuata njia moja, mara nyingi ile ya kitu kinachopita ndani yake. Hapa ni njia ya jani kutoka linapoingia hadi linapotoka. Ukiigundua njia hiyo, namba za mchoro hazikusumbui tena.

Kuipata aya ya mchoro ni rahisi kuliko ya chati, kwa sababu maneno ya mahali hurundikana: chini ya, juu ya, kati ya, upande wa pili, ndani. Aya nyingine za kifungu hazina msongamano huo. Na maneno hayohayo ndiyo yanayotenganisha sehemu mbili zinazofanana. Korona ina ngoma mbili. Mstari wa mchoro ukigusa ngoma iliyo karibu na jani linapoingia, jibu ni ngoma ya kwanza, si ngoma tu. Pengo likikubali zaidi ya neno moja na kifaa kina sehemu mbili za jina moja, karibu kila mara neno linalozitofautisha ndilo linalotafutwa.

Wapo wanaoniuliza waanze na maswali gani pale kifungu kinapokuwa na chati pamoja na maswali ya kuoanisha vichwa vya aya. Mimi huwaambia waanze na chati. Chati inasomesha aya mbili kwa makini, na vichwa vya aya hizo mbili vitapatikana bila kazi ya ziada. Kuoanisha vichwa kunadai kifungu kizima, na dakika 20 za kila kifungu hazitoshi kukisoma kizima mara mbili.

Njia hii ina mahali inapogota. Zipo chati ambazo chini yake pana orodha ya maneno yenye herufi A, B, C na kuendelea, na mtahiniwa anatakiwa kuandika herufi tu. Maneno hayo hayatoki kwenye kifungu; ni maana zilezile kwa maneno mengine. Kifungu kingesema "brashi", orodha ingesema "kifaa cha kusafishia". Nguzo bado zinafanya kazi, kwa kuwa zimo katika visanduku, na kugeuka kwa mpangilio ndani ya aya kupo vilevile. Ila hapa usitafute neno. Tafuta sentensi, funika orodha kwa mkono, sema jibu kwa maneno yako, ndipo ufunue orodha na kuchagua. Anayeitazama orodha kwanza huvutwa na neno ambalo limo pia ndani ya kifungu, nalo mara nyingi limewekwa pale makusudi. Kwenye pengo la 5 la chati yetu, neno hilo lingekuwa "maji": limo katika aya B, linaosha, na linaonekana kufaa kabisa. Lakini liko kabla ya hatua ya ukaushaji, na nyuzi zilizokwisha kaushwa hazirudishwi majini.